Saluni ya pazia na watafutaji wa simuni

Baadhi ya dada zetu wenye saluni za wanawake tu, zile ambazo mitaani huitwa saluni za pazia, wametuletea malalamiko yanayofanana. Mwanamke aliyehamia mtaani wiki hii hashuki tena kuuliza dukani kwa Mpemba. Hushika simu, akaandika "saluni ya wanawake" kwenye Google, na hupewa ramani yenye majina matatu au zaidi. Saluni iliyo nyumba ya tatu kutoka kwake haimo. Anapanda gari kwenda kwingine, na akifika anakuta kinyozi wa kiume amekaa kiti cha pili.

Hasara hapo ni ya pande mbili. Mwenye saluni amekosa mteja, na mteja amekosa sitara aliyokuwa akiitafuta. Wiki hii tutazungumzia maneno machache yanayoandikwa kwenye wasifu wa biashara wa Google, ule unaofunguliwa bila malipo na unaoonekana kwenye ramani. Tunajua wapo wanaotaka tovuti kamili, lakini kwa saluni ya viti vitatu wasifu huo ndio wa kuanza nao.

Google yenyewe inaeleza kuwa majibu ya utafutaji wa karibu hupangwa kwa mambo makuu matatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Hakuna fedha inayolipwa ili kupanda ngazi katika majibu hayo ya kawaida. Umbali haubadiliki kwa maandishi. Saluni ya Magomeni haitatangulia mbele ya mwanamke aliyesimama Mbagala hata mwenyewe aandike nini. Kwa hiyo ile tabia ya kujaza majina ya wilaya zote za Dar es Salaam ndani ya maelezo ni kazi bure. Na maneno "karibu na mimi" hayana haja ya kuandikwa kabisa, kwa sababu simu ya anayetafuta ndiyo inayosema yeye yuko wapi.

Tuchukue mfano tuliojitungia. Saluni iko Magomeni Mapipa, na kibao chake kimeandikwa "Stara Saluni" na si zaidi. Kishawishi cha kwanza ni kuandika kwenye nafasi ya jina: "Stara Saluni Bora Magomeni Kusuka Rasta Hina Bei Nafuu". Wengi hufanya hivyo kwa sababu wamewaona jirani zao wakifanya. Kanuni ya Google inataka jina liwe lile lile linalosomeka kibaoni na linalojulikana na wateja. Jina lililotiwa maneno ya ziada linaweza kusahihishwa kwa pendekezo la mtu yeyote anayepita, na wasifu wenyewe unaweza kusimamishwa. Dada aliyekuwa akipata simu tano kwa siku huamka akakuta hayupo ramanini, na kurudishwa kunataka maombi na kungoja. Hatuoni faida ya kuucheza mchezo huo.

Mahali panapobeba uzito ni aina ya biashara. Hapo huchaguliwa aina moja kuu kutoka katika orodha iliyokwisha tayarishwa, na nyingine za nyongeza zikihitajika. Kama kazi kubwa ni kusuka na kuosha nywele, aina kuu iwe `Hair salon`. Kama kazi kubwa ni hina, singo na kupamba maharusi, iwe `Beauty salon`, na ile nyingine ifuate kama nyongeza. Baada ya hapo kuna orodha ya huduma, na hapo ndipo pa kuandika moja moja kwa majina wanayoyatumia wateja wenyewe: kusuka rasta, yeboyebo, twende kilioni, kuweka dawa, hina, singo. Mteja hatafuti "huduma za kisasa za nywele". Anatafuta yeboyebo ya mtoto kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye maelezo. Nafasi hiyo inapokea herufi zisizozidi 750, vituo na nafasi tupu vikihesabiwa. Viungo vya tovuti havitakiwi humo, wala matangazo ya bei na punguzo. Msomaji mara nyingi huona mwanzo tu mpaka abonyeze aendelee, kwa hiyo sentensi ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wengi huanza hivi: "Karibuni sana kwenye saluni yetu ya kisasa yenye huduma bora na wahudumu wachangamfu." Sentensi hiyo ingeweza kuwa ya saluni yoyote, ya Tanga au ya Kigoma, ya wanawake au ya mchanganyiko. Haijajibu swali hata moja.

Sisi tungeiandika hivi: "Saluni ya wanawake tu, Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, dakika nne kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Mapipa. Tunasuka rasta, yeboyebo na twende kilioni, tunaosha na kuweka dawa, tunapaka hina, na tunafanya singo na mapambo ya bibi harusi. Wahudumu wote ni wanawake. Mlango una pazia na mtu wa nje haoni ndani. Wanaume hawaingii saa za kazi. Hatupigi picha bila ruhusa ya mteja. Pana mahali pa kutawadha na kuswali. Bibi harusi aweke miadi siku tatu kabla."

Maelezo hayo hayafiki hata herufi 600, na hayahitaji kujazwa mpaka 750. Sentensi ya kwanza imetaja ni saluni ya nani, iko wapi, na inafikiwaje kutoka mahali anapopajua kila mtu. Ya pili imerudia huduma kwa majina yake, kila moja mara moja tu, kwa sababu kuandika "saluni ya wanawake" mara sita hakuongezi kitu ila humchosha anayesoma. Zinazofuata zinajibu yale ambayo mwanamke mwenye hijabu huona haya kuyauliza kwa simu. Tusisitize kwamba maelezo haya kazi yake kubwa ni kumshawishi mtu aliyekwisha kuiona saluni. Kumfikisha hapo ni kazi ya aina ya biashara, orodha ya huduma na mahali ilipo.

Kuna neno moja katika maelezo hayo ambalo ni zito kuliko mengine, nalo ni "tu". Aliyeandika "wanawake tu" ameahidi. Je, fundi wa umeme akija saa tano asubuhi? Kijana anayeleta maji? Mume wa mwenye saluni anayepitia kuchukua funguo? Mwanamke aliyevua mtandio kwa kuliamini neno lile hatasahau. Kama chumba kina mlango mmoja na mume hupita humo kwenda uani, basi ukweli ni kuandika kwamba siku fulani na saa fulani ni za wanawake tu, na nyakati nyingine ni kwa miadi. Maelezo hayo hayavutii kama ya kwanza, lakini ndiyo yanayostahili kuandikwa.

Suala la anwani nalo lina mashaka yake, hasa kwa wanaofanyia kazi nyumbani. Akiwa wateja wanamfuata kwake, anwani itaonekana na kila mtu, wanaume kwa wanawake, nalo ni jambo la kushauriana na wa nyumbani kabla ya kulijaza. Lakini akiwa ni yeye anayewafuata wateja majumbani kuwapaka hina na kuwapamba, anatakiwa aifiche anwani na aandike maeneo anayoyahudumia badala yake: Magomeni, Kigogo, Manzese, na kadhalika.

Kabla wasifu haujaonekana, Google hutaka uthibitisho, na siku hizi mara nyingi huwa ni video inayoonyesha mtaa, kibao, vifaa vya ndani na mwenyewe akifungua mlango kwa ufunguo. Irekodiwe mapema asubuhi kabla mteja yeyote hajaingia. Picha za wasifu nazo ziwe za viti, mikono iliyopakwa hina, pazia, na mlango unavyoonekana kutoka barabarani. Wapo wanaoweka kichwa cha mteja kwa nyuma wakidhani kwa kuwa uso hauonekani basi hakuna neno. Nywele za mwanamke huyo zimewekwa hadharani, ilhali yeye alipita mapazia mawili ili zisionekane. Mteja mwingine naye anaweza kupandisha picha mwenyewe. Mwenye saluni hawezi kuifuta, ila anaweza kuiripoti. Hivyo afadhali kuwaambia wateja mapema.

Kosa dogo linalofukuza wengi ni la saa. Fomu hutumia saa za kimataifa. Dada akifungua saa tatu asubuhi na akajaza 3:00, ramani itawaambia watu anafungua usiku wa manane au alasiri, na anaweza kuandikwa kuwa amefunga wakati yuko wazi. Saa tatu asubuhi ni 9:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Kama Ijumaa anafunga saa sita mchana na kufungua tena saa nane, siku hiyo hujazwa vipindi viwili: 9:00 hadi 12:00, na 14:00 hadi 18:00. Ratiba ya Ramadhani huwekwa kwenye saa maalumu, na hapo hakuna haja ya kugusa zile za kawaida.

Maoni ya wateja yanasaidia, kwani maneno yao huonekana chini ya jina pale yanapolingana na kilichotafutwa. Mteja akiandika "wote ni wanawake, nimesukwa kwa utulivu", sentensi hiyo inafanya kazi kuliko sifa ambazo mwenye saluni angejipa. Inafaa kumwomba, lakini haifai kumpa punguzo ili aandike. Kanuni inakataza hivyo.

Na matokeo yanapimwaje? Si kwa kujitafuta kwa jina lako ukiwa umekaa dukani, maana hapo utajiona daima. Mwombe ndugu aliye mitaa miwili kutoka hapo aandike "saluni ya wanawake" au "kusuka rasta", kisha mwingine aliye mbali zaidi, mlinganishe. Baada ya mwezi fungua sehemu ya takwimu za wasifu, ambako huonyeshwa maneno ambayo watu waliyaandika wakakufikia. Ukiona wanatafuta "hina ya harusi" na wewe umeandika "hina" tu, ongeza. Na usikilize simu zinazoingia: wakiendelea kuuliza "mko wapi hasa?" au "wanaume wapo?", jibu unalowapa ndilo linalokosekana kwenye sentensi ya kwanza.