Siku ya Kumi na Tano Itajwe Waziwazi

Tarehe 5 Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luksemburg, ilitoa uamuzi unaostahili kufahamiwa na walimu, kwa kuwa uliihusu kampuni inayouza masomo kwa wanafunzi. Kampuni hiyo, Sofatutor, hutoa masomo ya mtandaoni kwa watoto wa shule za msingi na sekondari. Aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza alipewa siku 30 za kujaribu bila malipo, na katika siku hizo aliweza kuuvunja mkataba wakati wowote. Asipouvunja, malipo yalianza. Chama cha kuwatetea wanunuzi cha Austria kilikwenda mahakamani kikidai kwamba, malipo yanapoanza, mnunuzi apewe upya zile siku 14 za kujitoa ambazo sheria ya Ulaya humpa mtu anayeingia mkataba wa namna hiyo kwa mbali.

Mahakama ilijibu kwamba haki hiyo hutolewa mara moja tu, mwanzoni. Lakini iliweka sharti: iwe mnunuzi alielezwa bayana, kwa lugha ya wazi inayoeleweka, kwamba muda wa bure ukiisha atatakiwa kulipa. Kama hakuelezwa hivyo, haki ya kujitoa huzaliwa upya. Ni dhahiri basi kwamba mizani yote ya shauri la namna hii huning'inia kwenye sentensi chache za ukurasa wa tangazo, nazo mara nyingi huandikwa mwisho, kwa haraka, na mtu aliyeambiwa azifanye fupi.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa kampuni inayouza masomo ya kidato cha tatu kwa Kiswahili. Ukurasa wake unasema kwa herufi kubwa: "Anza leo BURE! Siku 14 za masomo yote. Sitisha wakati wowote." Chini ya kitufe, kwa herufi ndogo za kijivu, pameandikwa: "Usajili utahuishwa kwa bei ya kawaida isipokuwa utakapositishwa kabla ya kumalizika kwa kipindi cha majaribio."

Hakuna uongo hapo. Hata hivyo msomaji akiinua macho hajui jambo lolote la maana. Usajili "utahuishwa" na nani? Lugha yetu ina kauli ya kutendwa iliyo laini mno, na ofisi nyingi zimeizoea. Humwezesha mtu kutoa fedha mfukoni mwa mwenzake bila mkono kuonekana. "Tutakata fedha kwenye kadi yako" ni sentensi ya watu wawili, mkataji na mkatwaji, na kila mmoja anajulikana. "Bei ya kawaida" nayo ni kiasi gani? Na "kabla ya kumalizika" ni lini hasa?

Swali hili la mwisho ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Mama aliyejiandikisha Jumanne tarehe 3 Machi 2026, saa 4 asubuhi, anaweza kuhesabu siku 14 kwa namna mbili. Akiihesabu Jumanne hiyo kuwa siku ya kwanza, muda unaisha Jumatatu tarehe 16. Akihesabu kwa saa, unaisha Jumanne tarehe 17, saa 4 asubuhi. Na ikiwa mtambo wa kampuni unafuata saa za Singapuri, ambazo zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa 5, siku ya 16 itafungwa huko wakati kwake ni saa 1 usiku tu, naye amepanga kusitisha baada ya chakula.

Kiswahili kinaongeza utata wake. Mfasiri akiiacha 12:00 ya Kiingereza ikawa "saa 12", msomaji ataelewa machweo au mapambazuko. Akiandika "usiku wa tarehe 16", mtu wa pwani aliyelelewa katika desturi ya siku kuanza jua linapokuchwa aweza kuufahamu usiku uliotangulia. Bahati nzuri lugha yenyewe ina dawa, nayo imo vinywani mwa watu kila siku: usiku wa kuamkia.

Ukurasa huo ukiandikwa upya, na bei ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, utasomeka hivi: "Siku 14 za kwanza hulipi kitu. Ukijiandikisha leo, Jumanne tarehe 3 Machi, siku zako za bure zitaisha saa 6 usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 17 Machi, kwa saa za Afrika Mashariki. Tarehe 17 Machi tutakata shilingi 20,000 kwenye kadi yako, na tutakata kiasi hicho tarehe 17 ya kila mwezi hadi utakapotuambia tuache. Kama hutaki tukate, fungua 'Akaunti yangu' na ubonyeze 'Acha usajili' kabla ya saa hiyo. Ukiacha mapema, utaendelea kusoma hadi siku zako ziishe. Tutakukumbusha kwa barua pepe tarehe 9 Machi."

Maneno ni mengi kuliko ya kwanza, na yanastahili kuwa mengi. Sentensi ya ukumbusho si hisani: tangu Aprili 2020 kanuni za Visa huwataka wauzaji wa namna hii kumwarifu mwenye kadi angalau siku 7 kabla ya kumtoza kwa mara ya kwanza baada ya majaribio. Na ile ya kuacha mapema inaondoa hofu inayowafanya wengi wangoje hadi dakika ya mwisho, kisha wasahau.

Maelezo hayo yakae juu ya kitufe, kwa herufi za ukubwa uleule, yasifichwe nyuma ya neno "masharti". Kitufe chenyewe kisiseme "Endelea". Agizo la Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za wanunuzi linataka kitufe cha kuagiza kitamke kwamba agizo lina wajibu wa kulipa. Kwa mfano huu yatosha kuandika: "Anza siku 14 za bure, kisha shilingi 20,000 kwa mwezi."

Meneja wa mauzo atalalamika kwamba watakaojiandikisha watapungua. Huenda wakapungua kweli, na si haki kumficha jambo hilo. Lakini atakaopungukiwa ni pamoja na wale ambao wangelipa kwa kutojua, kisha wakaenda benki kudai fedha zao zirudishwe. Kama anawataka wengi bila ugomvi, asiombe kadi mwanzoni. Ukurasa useme tu kwamba siku 14 zikiisha akaunti itafungwa, hakuna deni, na mazoezi aliyoyafanya mwanafunzi yatahifadhiwa kwa muda fulani utakaotajwa.

Kabla ya kuchapishwa, ukurasa upewe watu watano wasiohusika, wausome nusu dakika kwenye simu, kisha uondolewe. Waulizwe: utakatwa fedha? Kiasi gani, na siku gani? Ukitaka kuacha utafanya nini? Atakayesema "nadhani ni bure" ameonyesha mahali penye kasoro, nayo ni ya mwandishi. Na atakayejibu yote sawasawa apewe simu aende kukitafuta kitufe cha "Acha usajili". Asipokiona pale alipoelekezwa, sentensi iliyokitaja itakuwa ahadi isiyotimizwa, na kazi itabidi ihamie kwenye ukurasa wa akaunti.