Kitenzi Kikija Mwisho, Sabtaito Inaumia

Wasee wa Laini Saba, hii ni ya wale wanaocheki drama za Kikorea na sabtaito za Kiswahili zilizotengenezwa na mtu mwenye haraka. Mimi nasema hivi: kutafsiri neno moja moja ni kumharibia mtazamaji sinema, hata kama kila neno liko sawa.

Chukua sentensi moja. Jamaa ameshikiwa bunduki, anamwambia adui yake: "Nan ne hyeongeul jugiji anasseo." Ukifuata mpangilio wa Kikorea unapata "mimi, wako kaka, kuua, sikufanya". Kitenzi kinakaa mwisho, na kukana kunakuja nyuma yake. Kwa hiyo mpaka neno la mwisho litoke, hujui kama anakiri au anakataa. Mwigizaji mjanja anavuta pumzi hapo katikati, na wewe roho iko mkononi.

Sasa Kiswahili kinafanya kinyume kabisa. "Sikumuua kaka yako." Ile "si" ya kwanza tu imeshakuambia ni mimi na nimekataa, "ku" ni wakati uliopita, "mu" ni yeye kaka. Siri yote imemwagika kabla hujafika kwa kaka! Sabtaito iko sahihi, lakini jamaa kwa skrini bado anavuta pumzi na wewe ushajua.

Usidhani haya ni mambo ya Korea pekee, manze. Waborana wa Marsabit na Isiolo wanaongea lahaja ya Kioromo, na Kioromo pia huweka kitenzi mwisho. "Ani bishaan hin dhugne" ni "mimi maji sikunywa". Tofauti ni kwamba hapo "hin" ya kukana inatangulia kitenzi, kwa hiyo unaonywa mapema kidogo kuliko kwa Kikorea.

Dawa iko, na iko kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Mtafsiri asubiri sentensi iishe, aelewe nani kamfanya nani nini, halafu aijenge upya. Hapa angeweka mstari wa kwanza: "Kaka yako, kumuua..." Mwigizaji akishapumua, mstari wa pili: "sikumuua." Si ndivyo tunavyoongea? "Kula nimekula, kushiba sijashiba." Na ile "mu" ndani ya kitenzi inamshikilia kaka aliyetajwa mbele, so hakuna anayepotea.

Lakini usiifanye kila mahali. Kama jamaa anaropoka haraka bila kupumua, "sikumuua kaka yako" inatosha, maana hakuna siri ya kuficha na macho hayana muda. Ukitaka kujua sabtaito imetafsiriwa kiholela, angalia uso: mwingine anashtuka sekunde mbili baada ya wewe kusoma, na wote kwa banda la video wameshapiga kelele.