Chuo kikikuuliza kama una kazi, soma barua kwanza

Kama umehitimu, huenda umetumiwa ile barua pepe: "Mpendwa mhitimu, tunafuatilia ajira za wanafunzi wetu wa zamani. Majibu yako hayatakuwa na jina, na unaweza kuyaondoa wakati wowote."

Inasikika poa, sivyo? Lakini isome tena. Ahadi hizo mbili hazikai pamoja. Kama kweli hakuna anayejua jibu lipi ni lako, wakitaka kulifuta watalipataje? Na kama wanaweza kulipata, basi wanajua ni lako.

Shida ni kwamba barua hizi huchanganya "bila jina" na "kwa siri". Bila jina ni kwamba hata mtafiti hawezi kukujua. Kwa siri ni kwamba anakujua, ila ameahidi kunyamaza. Dalili ni rahisi: wiki ijayo ukikumbushwa wewe ambaye hujajibu, na rafiki yako aliyejibu asikumbushwe, jua kuna orodha mahali inayounganisha majina na linki.

Na kutoandika jina pekee hakutoshi. Tuseme kozi yenu ilikuwa na watu 9, wasichana 2, na mmoja wao sasa yuko Turkana. Dodoso linauliza kozi, mwaka, jinsia, kaunti na mshahara. Jibu likisema "mwanamke, Turkana, elfu kumi na nane", darasa zima litajua ni nani. Barua nzuri ingeeleza kwamba mshahara unaulizwa kwa viwango, na kwamba kozi ndogo zitaunganishwa kabla ya ripoti kutoka.

Kwa nini ujali? Kwa sababu anayeogopa kujulikana mara nyingi ni yule ambaye bado anatarmaki. Akinyamaza, wanaobaki kujibu ni wenye kazi. Halafu chuo kinatangaza kwamba wahitimu wake wengi wameajiriwa, na dogo wako anachagua kozi kwa kuamini hesabu hiyo.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka uambiwe kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, nani atapewa, na zitalindwa vipi. Ukikubali, unaweza kubadilisha nia baadaye, na ni kazi ya chuo kuthibitisha kwamba ulikubali, si yako kuthibitisha kwamba ulikataa. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Mimi ningetaka barua inayosema hivi tu: "Tunajua majibu yako ni yapi. Watu wawili pekee watayaona. Jina lako litafutwa tarehe fulani. Kabla ya hapo unaweza kujiondoa, baada ya hapo hatutaweza kuyapata." Haina utamu mwingi, lakini hiyo ningeijibu hata kama sina kazi. Kwa hivyo ukipata ile nyingine, usiifute. Wajibu kwa swali moja: ni bila jina, au ni kwa siri?