KUPANGA HABARI ZA SHAMBA KATIKA JEDWALI: TANGULIZA KIPANDE, TAREHE IFUATE



Baada ya mavuno ya masika ya mwaka 2024, mkulima mmoja aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na shitaka moja tu, ya kuwa mbegu ya mahindi aliyonunua dukani ilikuwa mbovu, naye hataki kuinunua tena. Mkulima huyo ana vipande viwili vya shamba. Kimoja chaitwa Mlimani, nacho ni eka moja. Cha pili chaitwa Bondeni, nacho ni nusu eka. Mlimani alivuna magunia 14. Bondeni alitazamia 7, akapata 3 tu.

Nikamwuliza, "Mzee, Mlimani ulipanda mbegu gani?"

Akajibu, "Ni ile ile, Bwana Shamba."

Basi hapo neno lenyewe lilianza kuwa na shaka. Nikamwomba anionyeshe maandishi yake ya msimu. Hakuwa mvivu wa kuandika, la; aliandika sana, lakini kila neno mahali pake. Akaniletea paketi ya mbegu iliyoandikwa ubavuni, kipande cha kalenda, karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto, na risiti ya duka. Tena palikuwa na maneno ya mkaa juu ya mlango wa ghala. Tukakaa mezani yeye, mkewe, binti yake na mimi, tukayapanga yote katika jedwali moja. Nataka niwaeleze jinsi tulivyofanya, maana naona ya kuwa wengi wenu mna mfuko kama ule nyumbani.

Kwanza, tulitia namba juu ya kila karatasi, 1 hata 4, na maneno ya mlangoni tukayanakili na kuyapa namba 5. Usitupe karatasi hata moja baada ya kuinakili. Namba ile huandikwa mwanzo wa mstari katika jedwali, ili likitokea shaka uweze kurudi kwenye maandishi ya asili.

Pili, tuliandika jina la kila kipande na ukubwa wake. Ukubwa ndio utakaokuambia kama kitu ulichotia kilitosha. Asiyekuwa na kamba ya kupimia na apime kwa miguu: mraba wa hatua ndefu 70 kwa 70 hukaribia eka moja.

Tatu, tulishika sheria hii: mstari mmoja wa jedwali ni kazi moja, katika kipande kimoja, kwa tarehe moja. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu maandishi ya mkulima huchanganya mambo. Karatasi ya 3 ilisema, "Palizi kote, wiki ya Pasaka." Neno "kote" ni vipande viwili, kwa hiyo ni mistari miwili. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 31 Machi. Mama wa nyumba alikumbuka ya kuwa Mlimani walimaliza siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, na Bondeni waliingia siku iliyofuata Jumatatu ya Pasaka. Tukaandika tarehe 28 Machi na 2 Aprili, tukatia herufi "k", maana yake "karibu", ili tarehe ya kukumbuka isije ikadhaniwa kuwa tarehe iliyoandikwa siku ile ile. Tena mwezi tuliuandika kwa jina, kwa maana 5/4 mmoja ataisoma Aprili, na mwingine Mei.

Nne, kila kipimo tulikigeuza kuwa kilo au lita. "Paketi 4" haina maana mwakani, duka likileta paketi za ukubwa mwingine. Paketi zile zilikuwa za kilo 2, kwa hiyo ni kilo 8.

Jedwali letu likawa hivi:

| Na. | Kipande | Kazi | Tarehe (2024) | Vitu vilivyotumika |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Mlimani, eka 1 | Kupanda | 12 Machi | Mbegu kilo 8 |
| 2, 4 | Mlimani | Mbolea ya kupandia | 12 Machi | DAP, kilo 50 pamoja na Bondeni |
| 3 | Mlimani | Palizi | 28 Machi k | – |
| 2, 4 | Mlimani | Mbolea ya kukuzia | 15 Aprili | CAN kilo 50 |
| 5 | Mlimani | Kuvuna | 10 Agosti | (magunia 14) |
| 1 | Bondeni, eka ½ | Kupanda | 14 Machi | Mbegu kilo 4 |
| 2, 4 | Bondeni | Mbolea ya kupandia | 14 Machi | DAP, kilo 50 pamoja na Mlimani |
| 3 | Bondeni | Palizi | 2 Aprili k | – |
| 2, 4 | Bondeni | Mbolea ya kukuzia | 16 Aprili | CAN kilo 25 |
| 5 | Bondeni | Dawa ya viwavijeshi | Jumamosi, ? | Bomba 3 za lita 16, dawa:? |
| 5 | Bondeni | Kuvuna | 12 Agosti | (magunia 3) |

Sasa tazameni mistari ya mbolea ya kupandia. Kalenda ilisema, "Mbolea mfuko 1, Mlimani na Bondeni," na risiti ikashuhudia ya kuwa ulinunuliwa mfuko mmoja tu wa kilo 50. Mzee alitaka tugawanye kwa ukubwa wa vipande: theluthi mbili Mlimani, theluthi moja Bondeni. Nilikataa, maana hiyo ingekuwa habari ya kubuni, na jedwali lingependeza kwa uongo. Tuliandika "pamoja", ndipo tukapiga hesabu.

Wao hupanda sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Kwa nafasi hiyo eka moja ina mashimo karibu 9,000. Kila shimo hutiwa kizibo kimoja cha soda, nacho kikijazwa bila kilele huchukua karibu gramu 5. Basi Mlimani peke yake palitaka kilo 45. Katika mfuko zilisalia kilo 5, nazo zatosha mashimo 1,000, hali Bondeni pana mashimo 4,500.

Kabla ya kutamka hukumu tuliuliza. Huenda waliojaza vizibo walijaza nusu nusu, na kila mahali pakapata kidogo. Lakini binti, ambaye ndiye aliyetia mbolea, alisema, "Nilijaza kizibo sawasawa. Mfuko ulikwisha Bondeni, kwenye mistari ya karibu na njia. Nilimwambia kaka, akasema tufukie tu, mvua inakuja." Ndipo mzee akainamisha kichwa. Akakumbuka ya kuwa mistari ile ya karibu na njia ilistawi, naye alidhani ni kwa sababu ya udongo wa njiani. Akakumbuka pia ya kuwa mahindi mengine ya Bondeni, yalipokuwa machanga, yalikuwa na rangi ya zambarau kingoni mwa majani, na hayakukua upesi. Hiyo ni dalili ya mmea uliokosa fosforasi, nayo DAP ndiyo iletayo fosforasi.

Hata hivyo sikumwambia ya kuwa jedwali limethibitisha yote. Mahindi machanga hupata rangi ile ile katika udongo wa baridi wenye maji mengi, na Bondeni ni mahali pa namna hiyo. Lakini mistari ya karibu na njia ilikuwa katika bonde lilo hilo, kwa mvua ile ile na mbegu ile ile. Tofauti iliyojulikana ni mbolea. Kwa hiyo mbegu tuliiondolea shitaka, na mbolea tuliiweka kwanza katika mashaka yetu. Kama mzee angalibadili mbegu bila kuongeza mbolea, angalilipa fedha zake na kuvuna magunia 3 tena.

Jedwali huonyesha pia tusilolijua. Tazameni mstari wa dawa. Mlango ulisema "Jumamosi" bila tarehe, na chupa ilikwisha kutupwa, hata jina la dawa halikujulikana. Tuliacha alama ya kuuliza. Mzee hawezi kujua kama dawa ile ilifaa, wala kama viwavi walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya moyo wa mhindi, ambako dawa huwafikia kwa shida. Na kama angalikuwa amepiga dawa katika mboga, hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu kibandiko cha chupa hutaja siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Asiyejua tarehe hawezi kuzihesabu siku hizo. Kwa hiyo jina la dawa na tarehe viandikwe siku iyo hiyo, chupa ingali mkononi.

Sasa nataka kusema neno ambalo baadhi ya wenzangu hawalikubali. Wao huwafundisha wakulima kuandika kwa kufuata siku tu, kila jambo chini ya lililotangulia, vipande vyote pamoja. Ni rahisi kuandika hivyo, nami sibishi. Lakini swali la mkulima baada ya mavuno si "Tulifanya nini tarehe 14 Machi?" Swali lake ni "Kwa nini kipande hiki kimeshindwa na kile kimefaulu?" Katika orodha ya siku, mistari ya Bondeni imetawanyika kati ya mistari ya Mlimani, na jicho haliwezi kuilinganisha. Ukitanguliza kipande, kazi zake zote husimama pamoja kwa utaratibu wa tarehe, na pengo huonekana mara moja. Kwa hiyo mimi nasema kila kipande na kiwe na ukurasa wake katika daftari.

Daftari hilo litundikwe ghalani na kalamu yake, nalo liandikwe jioni ya siku ya kazi. Mfuko ukitumika katika vipande viwili, upimeni uliosalia kabla ya kuhama kipande cha kwanza. Hapo neno "pamoja" halitaandikwa tena.

Mzee amenunua mbegu ile ile, na mifuko miwili ya DAP. Tumepatana ya kuwa Bondeni ataacha mistari minne ya katikati bila mbolea ya kupandia, na kila kitu kingine kiwe sawa. Mistari hiyo imekwisha kupewa mstari wake katika ukurasa wa Bondeni, na mahali pa magunia pangali patupu. Wakati wa kuvuna itapimwa peke yake, ndipo tutakapojua kama tulihukumu kwa haki.