Rubani, mhudumu na mapengo mawili ya mshahara
MIZANI YA KAZI
Na Rehema Mbwambo

Mwishoni mwa 2017 shirika la ndege la easyJet la Uingereza lilitoa takwimu iliyowashtua wengi: kwa wastani, mwanamke aliyeajiriwa nalo alikuwa akilipwa kwa saa asilimia 51.7 pungufu ya mwanamume. Takwimu hiyo ilitolewa kwa sababu sheria ya nchi hiyo, iliyoanza mwaka huohuo, inamtaka kila mwajiri mwenye watu 250 na zaidi atangaze pengo lake. Shirika likajibu kwamba rubani mwanamke na rubani mwanamume wanalipwa kwa viwango vilevile vilivyokubaliwa na vyama vyao, na wahudumu wa ndani ya ndege vivyo hivyo. Watu wakauliza nani anadanganya. Hakuna aliyekuwa anadanganya, na ndiyo maana nataka tukae na ndege hizi kidogo.

Marubani wa easyJet nchini Uingereza walikuwa na wastani wa mshahara wa pauni 92,400 kwa mwaka, na katika kila marubani 100 wanawake walikuwa sita. Wahudumu walipata wastani wa pauni 24,800, na 69 katika kila 100 walikuwa wanawake. Sasa nichore mfano wangu nikitumia mishahara hiyo miwili tu. Chukua wanaume 100, hamsini marubani na hamsini wahudumu. Chukua wanawake 100, wanne marubani na 96 wahudumu. Mpe kila rubani 92,400 na kila mhudumu 24,800, bila kujali jinsia. Ukijumlisha na kugawanya, wastani wa wanaume unatoka pauni 58,600 na wa wanawake pauni 27,504. Tofauti ni pauni 31,096, yaani asilimia 53 ya mshahara wa mwanamume. Hakuna mtu hata mmoja katika mfano huu aliyepunjwa senti kwa kazi anayoifanya, na bado pengo limefika nusu.

Hilo ndilo pengo ghafi. Unachukua wastani wa wanaume, unatoa wastani wa wanawake, unagawanya kwa wastani wa wanaume, basi. Linaonyesha nani amekaa wapi: nani yuko kwenye chumba cha rubani na nani anasukuma kigari cha chai. Mimi naliheshimu sana kwa sababu halikubali visingizio. Msichana ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba anaweza kurusha ndege, ambaye nyumbani hakukuwa na wa kumlipia mafunzo ya urubani, yumo ndani ya ile asilimia 51.7.

Lakini pengo ghafi halikuambii kama watu wawili wanaofanya kazi ileile wanalipwa sawa, na anayelisoma hivyo anampa mwajiri jibu la bure. Ndani ya easyJet yenyewe swali hilo lilikuwepo, tena juu kabisa. Johan Lundgren alipochukua nafasi ya mtendaji mkuu kutoka kwa Carolyn McCall alianza na mshahara wa pauni 740,000 kwa mwaka. Mama yule alikuwa akipata 706,000 kwa kiti hichohicho. Januari 2018 Lundgren aliomba mshahara wake ushushwe ulingane na wa mtangulizi wake. Pauni 34,000 katika 740,000 ni asilimia 4.6. Kiasi hicho ni kidogo sana kando ya 51.7, lakini ni tofauti ya aina nyingine kabisa: kazi moja, kiti kimoja, malipo mawili.

Kuna jambo jingine ambalo pengo ghafi hulificha, na waajiri wajanja wanalijua. Rudi kwenye mfano wangu. Wahamishie wahudumu wote, wanawake 96 na wanaume 50, kwa wakala wa nje, wabaki marubani peke yao. Pengo la kampuni linashuka kutoka asilimia 53 hadi sifuri kwa siku moja. Hakuna mshahara uliopanda, na huenda wale waliohamishwa wameshushiwa. Kwa hiyo pengo ghafi likipungua ghafla, kabla hujapiga makofi uliza idadi ya wafanyakazi imebadilikaje, na wafagizi, wapishi na wahudumu wako kwenye orodha ya nani.

Twende kwenye pengo la pili, lile lililorekebishwa. Njia inayotumiwa zaidi ilielezwa mwaka 1973 na wachumi wawili Wamarekani, Ronald Oaxaca na Alan Blinder, kila mmoja kwa makala yake. Ifikirie kama kupanga bei sokoni. Kwanza unaangalia mishahara ya wanaume peke yao na kutafuta bei ya kila sifa: mwaka mmoja wa uzoefu unaongeza kiasi gani, shahada kiasi gani, cheo fulani kiasi gani, kufanya kazi kwa siku nzima badala ya nusu siku kiasi gani. Kisha unalichukua kapu la sifa za wanawake, na uzoefu wao na vyeti vyao na vyeo vyao, unalipima kwa bei hizo za wanaume. Unapata mshahara ambao wanawake wangepata kama sifa zao zingenunuliwa kwa bei ileile. Umbali kutoka mshahara wa wanaume hadi huo ni sehemu iliyoelezeka, maana makapu yanatofautiana. Umbali kutoka huo hadi mshahara halisi wa wanawake ni sehemu isiyoelezeka, na hiyo ndiyo inayoitwa pengo lililorekebishwa.

Ujerumani ofisi ya taifa ya takwimu hutoa yote mawili. Kwa mwaka 2024 wanaume walipata wastani wa euro 26.34 kwa saa na wanawake euro 22.24. Pengo ghafi ni asilimia 16, lililorekebishwa asilimia 6. Vichwa vya habari hupenda kusema kwamba pengo la kweli ni hiyo 6. Ofisi yenyewe haisemi hivyo. Inaeleza kwamba baadhi ya mambo hayamo kwenye takwimu zake, kama miaka ambayo mtu alikatiza kazi kwa ajili ya malezi, na kwamba yangekuwemo huenda namba ingeshuka zaidi. Kwa hiyo sehemu isiyoelezeka si kipimo cha ubaguzi. Ni masalia tu, kile kilichobaki baada ya kupima ulichoweza kupima.

Masalia hayo yanaweza pia kuwa madogo kuliko ubaguzi wenyewe, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa mishahara yake. Ukaguzi huo ulilinganisha watu wa kazi moja na daraja moja, yaani ulikuwa pengo lililorekebishwa kwa ukali. Ukagundua kwamba katika kundi moja kubwa, wahandisi wa programu wa daraja la 4, waliopunjika ni wanaume. Kampuni ikalipa dola milioni 9.7 kuwafidia wafanyakazi 10,677 wa makundi mbalimbali, na baadhi ya fedha hizo zikaenda kwa wanaume hao.

Wakati huohuo kesi ya Kelly Ellis dhidi ya Google ilikuwa mahakamani California. Alidai kwamba alipoajiriwa 2010, akiwa na uzoefu wa takriban miaka minne, aliwekwa daraja la 3, daraja la wahitimu wapya wa chuo. Wiki chache baadaye akaajiriwa mwanamume mwenye uzoefu kama wake, naye akaanzia daraja la 4. Sasa upitishe ukaguzi ule juu ya watu hawa wawili. Kelly analinganishwa na wenzake wa daraja la 3, anaonekana kulipwa vizuri, pengine hata zaidi ya wengine kwa sababu ya uzoefu. Yule mwanamume analinganishwa na wa daraja la 4. Mashine ya hesabu haiwakutanishi kamwe. Kama alichodai Kelly ni kweli, dhuluma ilitendeka siku ya kupangiwa daraja, na hesabu ikalichukua daraja kama sifa ya mtu, kama vile cheti alichokuja nacho mkononi.

Juni 2022 Google ilikubali kulipa dola milioni 118 kumaliza kesi hiyo, iliyowahusu wanawake wapatao 15,500, bila kukiri kosa. Sharti mojawapo la makubaliano lilikuwa kwamba mtaalamu huru achunguze jinsi watu wanavyopangiwa daraja wanapoajiriwa. Walioandika sharti hilo waliweka kidole penyewe.

Ndiyo maana kila ninapoletewa taarifa inayosema kwamba pengo lililorekebishwa ni asilimia moja au sifuri, natafuta orodha ya vitu vilivyotumika kurekebisha. Umri na miaka kazini, sawa. Nikiona cheo, daraja au alama za tathmini ya bosi, najua kwamba sehemu ya swali imeshatolewa nje kabla ya kuulizwa. Anayetaka kujua zaidi aombe hesabu ifanywe mara mbili, mara moja bila daraja na mara moja na daraja. Namba mbili hizo zikikaribiana, daraja si chanzo kikubwa. Zikiachana mbali, tatizo liko kwenye kupangia watu madaraja na kuwapandisha.

Sheria zetu zinakwenda hatua moja mbele ya namba zote mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, zote zinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hazikuishia kwenye kazi inayofanana. Maana yake mwajiri anaweza kutakiwa kulinganisha kazi mbili tofauti kabisa kwa ujuzi, jitihada, wajibu na mazingira yake. Pengo ghafi haliwezi kufanya hivyo, kwani linachanganya kila kitu. Pengo lililorekebishwa nalo haliwezi, kwa sababu likishatenganisha watu kwa kazi zao, kazi moja haikutani tena na nyingine.

Kabla ya kuandika safu hii niliandaa mishahara kwa miaka minne katika shule moja ya bweni. Madereva wote walikuwa wanaume, matroni wote wanawake. Dereva alianzia daraja moja juu ya matroni, akapata na posho ya safari. Matroni mmoja wa wakati huo alisomea uuguzi. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la dawa, na usiku mtoto wa pumu akibanwa kifua aliamshwa yeye, akakaa naye hadi pumzi irudi, kisha saa kumi na moja alfajiri akapiga kengele ya kuamsha bweni. Nilipouliza kwa nini hana posho ya usiku niliambiwa anaishi hapohapo shuleni, kwa hiyo hatoki nyumbani kwenda kazini. Fomu ya mishahara ilikuwa na safu ya posho ya usiku. Kila mwezi, mbele ya jina lake, niliandika kistari.