Sheria inaposema mahakama isihoji

Bunge likitaka mgogoro usifike kwa majaji, huandika mojawapo ya sentensi mbili. Ya kwanza husema uamuzi wa waziri au baraza fulani utakuwa wa mwisho. Ya pili ni kali zaidi: uamuzi huo hautahojiwa katika mahakama yoyote. Mwananchi akizisoma huona safari yake imeishia hapo. Wakili mzoefu kwanza huuliza kinacholindwa na sentensi hiyo ni nini hasa.

Neno "mwisho" halikuwasumbua sana majaji. Mwaka 1957, katika shauri la Gilmore nchini Uingereza, Jaji Denning alieleza kwamba neno hilo huzuia rufaa, wala halizuii mapitio ya mahakama. Rufaa huuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi. Mapitio huuliza kama mwamuzi alikuwa na mamlaka, alimsikiliza mhusika na alifuata sheria iliyompa kazi.

Sentensi ya pili ndiyo iliyohitaji ujasiri. Wakati wa vita vya Suez vya 1956, Misri ilichukua mali za kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa ikichimba manganizi huko Sinai, na baadaye mali hizo zikauzwa kwa shirika la Misri. Misri ilipoilipa Uingereza fidia ya pauni milioni 27.5, Tume ya Fidia ya Uingereza iliachiwa kazi ya kuwagawia waliopoteza mali. Kampuni hiyo, ambayo sasa iliitwa Anisminic, ilipeleka maombi yake, Tume ikayakataa. Sababu yake ni kwamba mrithi wa mali, yaani lile shirika la Misri, hakuwa raia wa Uingereza. Sheria ya 1950 ilikuwa imetamka wazi kwamba uamuzi wa Tume hautahojiwa mahakamani.

Desemba 1968 Baraza la Mabwana, kwa kura tatu dhidi ya mbili, liliipa kampuni ushindi. Kanuni za fidia, walisema majaji wa upande ulioshinda, hazikuitaka Tume ichunguze uraia wa mrithi pale mwenye mali wa awali anapodai mwenyewe. Tume ilijiongezea sharti ambalo haikupewa, ikatoka nje ya mamlaka yake. Kilichotolewa nje ya mamlaka ni batili, na kilicho batili si ule "uamuzi" ambao sheria ililinda. Kwa hiyo majaji hawakukiuka katazo hata kidogo. Walisema tu kwamba hapakuwa na kitu cha kulindwa.

Wapo wanaouita huu ujanja wa maneno, na hoja yao ina uzito: karibu kila kosa la kisheria laweza kuitwa kutoka nje ya mamlaka, na katazo la Bunge likabaki maandishi matupu. Hata hivyo mimi niko upande wa wale watatu. Bunge lililojisumbua kuiwekea tume mipaka haliwezi kudhaniwa kwamba lilitaka tume yenyewe iwe jaji wa mipaka hiyo. Kama lilitaka hivyo, liseme kwa maneno yasiyo na tafsiri nyingine. Uingereza ilijaribu hata hilo. Mwaka 2000 sheria ya baraza linalosikiliza malalamiko dhidi ya idara za ujasusi ilizuia pia kuhojiwa kwa maamuzi kuhusu mamlaka yake lenyewe, na bado, mwaka 2019, Mahakama ya Juu iliruhusu mapitio kwa kura nne dhidi ya tatu.

Kwetu swali ni gumu zaidi, kwa sababu katazo linaweza kukaa ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika shauri la wakili Jebra Kambole, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Wakati huo serikali ilikuwa imekwishatangaza, Novemba 2019, kuondoa ridhaa yake ya wananchi kufungua mashauri huko moja kwa moja.

Lakini isome tena ibara hiyo. Inamlinda aliyetangazwa kuwa amechaguliwa "kwa mujibu wa Ibara hii". Jaji anayefuata nyayo za Anisminic angeweza kuuliza: je, tangazo lililokiuka ibara lina ulinzi huo? Maneno ya yeye kushikilia yapo. Kinachokosekana ni utaratibu. Kenya, kwa Ibara ya 140 ya Katiba ya 2010, imetaja mahakama, siku saba za kufungua shauri na siku 14 za kuliamua, na ni kwa njia hiyo uchaguzi wa rais wa 2017 ulifutwa. Tanzania, hata jaji akiikubali tafsiri finyu, angelazimika kwanza kuamua nani afungue shauri, ndani ya muda gani, na nani aongoze nchi wakati linasikilizwa.