Kiwanja cha Tunduma na Muhuri wa Kijiji

Bumu la semista hii lilipotoka, rafiki yangu mmoja alituambia anadunduliza anunue kiwanja kando ya Tunduma. Anayeuza ni mzee mwenyeji wa pale, na anasema karatasi zipo. Nikamuuliza karatasi gani. Akacheka: "Ya kuuziana, ina muhuri wa kijiji. Nikilipa, ardhi inakuwa yangu milele."

Nilimwambia kwamba hapo kuna makosa mawili, na tukabishana mpaka wenye mtihani wa asubuhi wakatufukuza chumbani. Naandika hapa kwa sababu nimegundua wengi wetu, hata tunaojiandaa kwenda kufundisha Uraia, tunaamini alichoamini yeye.

Kosa la kwanza ni hilo neno "milele". Kuna nchi ambazo mtu anaweza kumiliki ardhi moja kwa moja, bila kikomo cha miaka na bila mwenye ardhi mwingine juu yake. Kenya wanayo, wanaiita milki huria, ingawa Katiba yao ya 2010 inamzuia mgeni asiipate: yeye anapewa ya kukodi, isiyozidi miaka 99. Sisi Tanzania Bara tulikuwa nayo pia, hasa kwenye mashamba ya walowezi. Nyerere aliipinga kwenye andiko lake la 1958, Mali ya Taifa, kwa hoja kwamba ardhi ikigeuka bidhaa, mwenye shida ataiuza na watoto wake watabaki wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 sheria ikaifuta. Waliokuwa nayo wakageuzwa kuwa wapangaji wa serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki na kutumia. Ukivuka pale mpakani kwenda Nakonde hukuti tofauti kubwa, maana Zambia nayo ilifuta milki huria mwaka 1975.

Kwa hiyo ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mimi na wewe tunachomiliki ni haki juu ya ardhi, na haki hiyo ina njia kuu mbili, zilizowekwa na sheria mbili za 1999.

Ya kwanza ni hati miliki, ile ya mjini. Eneo linapangwa, linapimwa, unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Unalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na unatimiza masharti ya uendelezaji. Ukiyavunja, haki inaweza kufutwa. Kwa tabia inafanana sana na kukodi kwa muda mrefu, ndiyo maana watu huziita kitu kimoja.

Ya pili ni haki miliki ya kimila, ya ardhi ya kijiji. Hii ndiyo tunayoidharau. Ukimwambia mtu una hati ya kimila anakuonea huruma, kama umemwambia una cheti cha kliniki. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema kwa hadhi na nguvu ni sawa na hati miliki, na kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina kikomo cha miaka. Yaani yule anayetafuta "milele" angeikuta karibu zaidi kijijini kuliko mjini! Sheria hiyo hiyo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Tena haki hii inakuwepo hata kabla ya karatasi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe. Walikuwa wamepoteza shamba wakati wa vijiji vya ujamaa, wakalirudisha kwa hukumu, kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila za namna hiyo. Mahakama ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki.

Sasa kosa la pili la rafiki yangu. Karatasi ya kuuziana si mojawapo ya hizo mbili. Ni ushahidi kwamba fulani alipokea hela ya fulani, basi.

Baba yangu mdogo alijifunza hili kwa gharama. Alinunua eka mbili kando ya mji mwaka 2008, palipokuwa kijiji. Karatasi yake ilisema shamba linaanzia kwenye mparachichi mpaka njia ya ng'ombe. Mji ukakua, kijiji kikageuzwa mtaa. Aliyemuuzia akafariki, mparachichi ukakatwa, njia ya ng'ombe ikawa barabara ya bajaji. Wapimaji walipokuja, watoto wa marehemu wakasema baba yao aliuza eka moja tu. Usuluhishi kata, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya, miaka miwili ya nauli na mashahidi. Alitoka na eka moja na nusu.

Jirani yake alikuwa amechukua hati ya kimila mapema. Aliomba kwa halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria ina siku 90 za kujibu. Kamati ikazunguka mipaka na majirani wakiwepo, kila mmoja akakubali pale anapopakana naye. Hati ikasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, na yeye mwenyewe, halafu ofisa ardhi wa wilaya akaisajili. Nakala ilikuwa wilayani. Wapimaji walimaliza kwake mchana mmoja.

"Mwanangu, mimi niliona ni karatasi ya washamba," baba mdogo aliniambia.

Sisemi hati ya kimila haina kasoro. Benki nyingi huiangalia kwa jicho la pembeni. Kuihamishia kwa mtu mwingine kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Masjala ya kijiji mara nyingine ni kabati moja lisilo na kufuli. Tena kijiji chenyewe lazima kwanza kiwe na mipaka inayokubalika na cheti cha ardhi yake, bila hivyo hakiwezi kutoa hati. Ila kinachoniudhi ni kwamba Mbozi, iliyo leo ndani ya mkoa wetu wa Songwe, ndiyo wilaya iliyofanyiwa majaribio ya sheria hii. Sisi ndio tungepaswa kuwafundisha wengine.

Na dirisha lake hufungwa. Kijiji kikishakuwa mtaa hakuna tena halmashauri ya kijiji ya kukupa hati ya kimila. Inabaki njia ya mjini: mpango, upimaji, malipo, foleni.

Ndiyo maana nilimtuma rafiki yangu akaulize mambo mawili tu. Pale ni kijiji au mtaa? Na mzee anamiliki kwa haki ipi, na mkewe anajua?

Alirudi Jumapili jioni. Mke anajua, na amekubali. Lakini eneo ni mtaa, tena kwa miaka kadhaa sasa. Karatasi aliyoonyeshwa ina tarehe ya mwaka huu na muhuri wa halmashauri ya kijiji, kijiji ambacho hakipo. Muhuri umebaki kwa mtu, sijui kwenye droo ya nani, na bado unafanya kazi.

Hela yake bado iko kwenye simu. Mzee amempigia mara tatu tangu jana.